Maneno na tarakimu zinapopingana kwenye picha ya hundi

Karibu kila aliyewahi kushika kitabu cha hundi anaijua kanuni hii: kiasi kilichoandikwa kwa maneno kikitofautiana na kilichoandikwa kwa tarakimu, maneno ndiyo yanayoshinda. Kanuni hiyo ni ya kweli na ina umri mkubwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 inayosimamia hundi na hati nyingine za malipo inaitaja katika kifungu cha 9, na nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zimeibeba karibu kama ilivyo. Sheria ya pamoja ya hundi iliyotokana na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1931 nayo inasema hivyohivyo, kisha inaongeza jambo moja: kiasi kikiandikwa zaidi ya mara moja kwa maneno, au zaidi ya mara moja kwa tarakimu, na vikatofautiana, kinacholipwa ni kilicho kidogo.

Hata kabla ya sheria hizo, mahakama za Uingereza zilikuwa zimeshaamua jambo hili. Katika kesi ya Saunderson dhidi ya Piper ya mwaka 1839, hati ya malipo ilikuwa na tarakimu za pauni 245 pembeni, lakini maneno ya ndani yalisema pauni mia mbili. Mdai alitaka kuleta ushahidi kwamba maneno “na arobaini na tano” yalisahauliwa tu. Alikuwa na hoja nzuri, kwa sababu hata ushuru wa stempu uliolipiwa hati ile ulikuwa wa kiwango cha kiasi kikubwa. Mahakama ilikataa ushahidi huo usipokelewe. Maneno yalisema mia mbili, basi ni mia mbili.

Sababu ya kuyapa maneno uzito si ngumu kuielewa. Mkwaju mmoja wa kalamu unageuza 1 kuwa 7, na sifuri moja mwishoni inazidisha kiasi mara kumi. Kugeuza “moja” iwe “saba” bila kuacha alama ni kazi nyingine kabisa. Tena mtu anapoandika maneno hulazimika kuituliza akili, ilhali tarakimu huandikwa kwa mazoea.

Ila kanuni hii inazungumzia karatasi. Inachukulia kwamba tayari tunajua maneno yanasema nini na tarakimu zinasema nini, na kwamba vyote viwili vimesomwa sawasawa. Siku hizi hundi nyingi hazisomwi kwenye karatasi. Mtu anaipiga picha kwa simu na kuituma, kisha karani au programu inaisoma kutoka kwenye kioo. Hapo tofauti kati ya maneno na tarakimu inaweza kuwa ya aina mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ya mwandikaji: yeye mwenyewe aliandika vitu viwili tofauti. Ya pili ni ya msomaji: mwandikaji aliandika sawa pande zote mbili, lakini jicho, kamera au programu imekosea upande mmoja. Sheria inahusu ya kwanza tu. Anayeitumia kuamua ya pili anaweza kuchukua usomaji mbovu wa maneno na kuutupa usomaji sahihi wa tarakimu, huku akiamini kwamba ametii sheria. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuuliza nani anashinda, ni kujua mgongano uko wapi: kwenye karatasi au kwenye usomaji?

Picha inaharibu nini

Tuanze na kilichomo kwenye picha. Tuseme hundi ina upana wa sentimita 18 na imejaza picha yenye pikseli 3,600 kwa upana. Kila sentimita imepata pikseli 200, na herufi ndogo ya milimita 3 imepata pikseli 60 hivi. Hizo zinatosha kabisa. Hundi hiyohiyo ikipigwa kutoka mbali, ikachukua nusu ya upana wa picha, herufi ile inabaki na pikseli 30. Kisha picha ikitumwa kwa programu ya ujumbe inayopunguza ukubwa wa picha, inaweza kubaki na 15 au chini ya hapo, na kingo za herufi zikawa na ukungu. Ndiyo maana ni vizuri zaidi picha ya hundi itumwe kama faili kuliko kama picha ya kawaida, pale programu inaporuhusu kuchagua.

Mistari miwili ya kiasi haiumizwi kwa namna moja. Tarakimu huwa ndani ya kisanduku, ni kubwa, na ni chache. Zinaposomeka, zinasomeka vizuri. Udhaifu wake ni kwamba kila moja inasimama peke yake: kilichofutika katika 7 hakiwezi kukisiwa kutokana na 4 iliyo kushoto kwake. Alama ndogo zinazozitenganisha ndizo za kwanza kupotea. Nukta inayotenga senti ikimezwa na mapambo ya karatasi, 15,000.00 inageuka kuwa 1500000. Mstari ambao mwandikaji amechora kuufunga mwisho wa kiasi unaweza kusomwa kama 1.

Maneno yanaenea kwenye mstari mrefu, mara nyingi kwa mwandiko wa kuunganisha, juu ya mstari uliochapwa unaokata mikia ya herufi. Kivuli cha mkono kikianguka kwenye hundi, kwa kawaida ni mstari huu mrefu unaopata nusu mwanga na nusu giza. Hata hivyo maneno yana faida kubwa ambayo tarakimu hazina: maneno ya hesabu ni machache. Hakuna neno la hesabu linaloandikwa “sabu” wala “arobiani”. Herufi mbili zikifutika katika “themanini”, zilizobaki bado zinaelekeza kulekule.

Dawa ya haya yote iko kwa mpigaji. Hundi ilazwe juu ya meza yenye rangi inayotofautiana nayo, pembe zote nne zionekane, simu iwe juu yake moja kwa moja, mwanga utoke ubavuni, na mweko wa simu uzimwe kwa sababu huacha doa jeupe katikati. Kabla ya kuituma, akuze picha mpaka neno la mwisho la mstari wa kiasi. Herufi zake zikiwa na ukungu, apige nyingine. Sekunde kumi za mpigaji zinaokoa simu tatu za karani.

Soma maneno kwanza, tarakimu zikiwa zimefunikwa

Msomaji binadamu ana udhaifu wake pia. Akishaona 41,500 kwenye kisanduku, jicho litakwenda kwenye maneno likitafuta “arobaini na moja”, na litaipata hata kama haipo. Maneno yaliyosomwa baada ya tarakimu si ushahidi wa pili. Ni mwangwi wa ule wa kwanza. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni kukata picha vipande viwili, au kufunika kisanduku kwa kidole, kusoma maneno na kuyaandika pembeni kwa tarakimu, ndipo kisanduku kifunuliwe. Panapo kazi kubwa, watu wawili hugawana: mmoja anaona maneno tu, mwingine tarakimu tu, na mashine inalinganisha walichoandika.

Kuyageuza maneno kuwa tarakimu kunaonekana kama kazi ya mtoto wa shule, lakini katika Kiswahili kuna mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini, nao ni “na”. Chukua “elfu ishirini na tano”. Wengi tutasoma 25,000, tukichukulia kwamba “elfu” inabeba yote yanayofuata. Lakini maneno yaleyale yanaweza kusomwa elfu ishirini, na tano juu yake, yaani 20,005. Vivyo hivyo “elfu mia mbili na hamsini” ni 250,000 au 200,050. Hakuna kosa la mwandikaji hapa wala la kamera. Maneno yenyewe yana milango miwili. Ndiyo maana baadhi ya waandikaji makini huitanguliza hesabu na kuimalizia kwa elfu: “ishirini na tano elfu” haina mlango wa pili.

Msomaji akikutana na maneno ya namna hii asichague mapema. Aandike pembeni usomaji wote unaowezekana, 25,000 na 20,005, ndipo atazame tarakimu. Kisanduku kikisema 25,000, hakuna mgongano wowote, na hakuna haja ya kuita kanuni ya sheria. Kikisema 20,005, vilevile. Mgongano unazaliwa pale tu ambapo kisanduku kinasema kitu ambacho si hiki wala kile. Sheria ya mfano ya Marekani ya mwaka 1896 kuhusu hati zinazohamishika ililisema hili waziwazi: maneno yanashinda tarakimu, lakini maneno yakiwa na utata au yasipokuwa na hakika, tarakimu zinaweza kutazamwa ili kuthibitisha kiasi. Programu nyingi ndogondogo za kusoma kiasi hukosea hapa, kwa sababu zinatoa jibu moja tu kwa kila mstari wa maneno. Inayotoa orodha ya majibu yanayowezekana ndiyo inayofaa.

Kupima badala ya kuamua

Sasa tuingie kwenye mfano mmoja kwa undani. Picha imefika, na programu imesoma kisanduku kuwa 41,500. Mstari wa maneno umesomwa “elfu arobaini na saba na mia tano tu”, yaani 47,500. Tofauti ni tarakimu moja, 1 au 7.

Anayekimbilia kanuni atasema maneno yashinde, amalize. Katika mfano huu atapata jibu sahihi, ila kwa njia isiyo sahihi, na njia hiyo itamwangusha siku nyingine. Njia iliyo bora ni kuiuliza programu si jibu lake la kwanza tu bali pia la pili na la tatu, na alama ilizoyapa kulingana na kadiri inavyoyaamini. Tuseme kwa kisanduku imeipa 41,500 alama 62 kati ya 100, na 47,500 alama 31. Saba zilizobaki zimetawanyika kwenye usomaji mwingine. Kwa maneno imeipa “arobaini na saba” alama 80, “arobaini na sita” alama 12, na “arobaini na moja” alama 1.

Kila kiasi kinachowezekana kinapimwa kwa kuzidisha alama zake za pande zote mbili. Kwa 47,500 tunapata 31 mara 80, yaani 2,480. Kwa 41,500 ni 62 mara 1, yaani 62. Kiasi cha kwanza kimekishinda cha pili mara 40. Maana yake ni kwamba jibu la kwanza la kisanduku lilikuwa dhaifu, la pili lake linapatana na maneno, na maneno yenyewe hayaelekei kabisa kwenye “moja”. Huu ni mgongano wa usomaji. Kwenye karatasi, mwandikaji aliandika kiasi kimoja.

Kisha msomaji arudi kwenye picha kuthibitisha. Aikuze tarakimu ile. Je, juu yake kuna kipande cha mstari mlalo kilichofifia? Je, kuna kijimstari katikati, kama wengine wanavyoikata 7 yao? Mara nyingi kipo. Programu hugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu kabla ya kusoma, na mstari mwembamba wenye wino hafifu huishia upande wa weupe. Kwenye picha ya rangi bado unaonekana.

Ni lazima pia pawe na mpaka ambao chini yake mashine haiamui. Mwaka 1998 mtafiti wa kompyuta Yann LeCun na wenzake walieleza mfumo wa kusoma kiasi cha hundi uliokuwa tayari kazini ukisoma mamilioni ya hundi kwa siku. Kigezo walichokitaja cha mfumo kuwa na faida kwa benki ni cha kufundisha: usome nusu ya hundi kwa makosa yasiyofika asilimia 1, na nyingine zote ziende kwa watu. Waliojenga mashine ile hawakuona aibu kuiruhusu iseme “hii siiwezi”. Mashine inayojibu kila hundi ni ya hatari zaidi kuliko inayorudisha nyingi.

Pale maneno yasipookoa

Kuzidisha alama kunafaa kwa sharti moja: kosa la upande mmoja lisifuatane na kosa la upande wa pili. Kwa 1 na 7 sharti hilo linatimia, maana “moja” na “saba” hazifanani hata kwa mwandiko mbaya. Kwa 4 na 9 linatimia pia, kwa kuwa “nne” na “tisa” ziko mbali. Katika Kiswahili, kwa jozi nyingi za tarakimu zinazochanganywa, maneno ni mkombozi wa kweli.

Lakini kuna jozi mbili ambazo mkombozi mwenyewe ni mgonjwa. Tarakimu 3 na 5 hufanana zinapoandikwa haraka: zote zina tumbo la chini lilelile, na tofauti yao iko juu tu, pale wino unapoanza. Na maneno yake, “tatu” na “tano”, yana herufi nne kila moja, yanaanza kwa herufi mbili zilezile, na yanaishia kwa umbo la mviringo ambalo kwenye u limefunguka na kwenye o limefungwa. Jozi ya pili ni 3 na 8, ambapo upande wa makumi una “thelathini” na “themanini”: zinaanza sawa na kuishia sawa, na katikati ndipo zinapoachana.

Tuseme kisanduku kimesomwa 25,000 kwa alama 55 na 23,000 kwa alama 40, na maneno “elfu ishirini na tano” kwa alama 52 dhidi ya “elfu ishirini na tatu” kwa 44. Tukizidisha, 25,000 inapata 2,860 na 23,000 inapata 1,760. Majibu ya kwanza ya pande zote mbili yanapatana, na programu iliyozembewa ingepitisha 25,000 bila kumwita mtu. Ukitazama ndani, ushindi huo haujafika hata mara mbili, tena pande zote zina udhaifu wa aina moja. Hapa kupatana si uthibitisho. Hundi hii ni ya kusomwa na mtu.

Mtu huyo atazame nini? Ahesabu miti, yaani herufi zinazopanda juu ya mwili wa mwandiko. “Tatu” ina miti miwili, kwa sababu ina t mbili. “Tano” ina mmoja tu. Ukungu unaweza kula kijimstari kinachokata t na unaweza kuziba mdomo wa u, lakini ni nadra kuufuta mti mzima. Kwa jozi ya pili tofauti ni kubwa zaidi: “thelathini” ina miti mitano, ya t, h, l, t na h, ilhali “themanini” ina miwili mwanzoni na baada yake ni tambarare hadi mwisho. Hata picha mbaya sana huonyesha kama katikati ya neno kuna kitu kinachopanda au hakuna.

Kwa upande wa tarakimu, msaada uko kwenye hundi hiyohiyo. Mwandikaji ameandika pia tarehe, kwa mkono uleule na kalamu ileile. Kama kuna 3 au 5 kwenye tarehe, ilinganishwe na ile ya kisanduku: anaianza kwa pembe kali au kwa duara, anainua kalamu kuweka kofia ya 5 au anaiunganisha? Namba zilizochapwa chini ya hundi kwa wino wa sumaku hazisaidii hapa. Hundi inapotoka mikononi mwa mwandikaji zinabeba utambulisho wa hundi, benki na akaunti, wala hazina kiasi. Na pale ambapo benki inayopokea huongeza kiasi kwenye mstari huo baadaye, kiasi hicho ni usomaji wa mtu au mashine ya benki, kwa hiyo hakiwezi kuwa shahidi wa kile kilichoandikwa kwa mkono.

Mgongano ukiwa kwenye karatasi

Sasa tuje kwenye hundi ambayo imepigwa picha safi, kila kitu kinasomeka, na bado hazipatani. Kisanduku kinasema 65,000, na hakuna anayekitilia shaka. Maneno yanasema “hamsini na sita elfu”, nayo hayana utata. Programu inazipa pande zote alama zaidi ya 95, na hakuna kiasi hata kimoja chenye alama za maana pande zote mbili. Hiyo ndiyo dalili ya mgongano wa mwandikaji: usomaji wenye nguvu upande huu, usomaji wenye nguvu upande ule, na katikati hakuna daraja. Mgongano wa msomaji huwa kinyume chake. Angalau upande mmoja unasitasita.

Kuna kipimo kidogo cha wahasibu kinachosaidia kukisia kosa lilitokeaje. Toa kiasi kidogo kwenye kikubwa, kisha gawanya kwa 9. Hapa 65,000 kutoa 56,000 ni 9,000, na inagawanyika kwa 9 bila baki. Tarakimu mbili zilizopandana nafasi huacha tofauti ya namna hiyo daima, na sifuri iliyozidi au iliyopungua mwishoni vilevile: 50,000 kutoa 5,000 ni 45,000. Tofauti isipogawanyika kwa 9, basi si tarakimu zilizopandana wala sifuri iliyohama, bali kuna iliyobadilishwa au kuongezwa. Ikigawanyika ni dalili tu, kwa sababu 9 iliyosomwa 0 nayo hutoa tofauti hiyohiyo. Kipimo kinaeleza kosa. Hakisemi upande upi ndio sahihi.

Upande upi unalipwa, hapo ndipo sheria inapoingia kwa haki yake: ni 56,000, kwa maneno. Lakini aliyeshika hundi asidhani kwamba benki italazimika kumhesabia 56,000 papo hapo. Benki inalipa kwa amri ya mwenye akaunti, na amri yenye sauti mbili inaipa sababu ya kusita. Ndiyo maana kutolingana kwa maneno na tarakimu ni mojawapo ya sababu za kawaida zinazoandikwa kwenye hundi inayorudishwa bila kulipwa. Sheria inatafsiri hati pale watu wanapodaiana. Karani wa benki yeye anauliza kama ana amri iliyo wazi mkononi. Mambo haya mawili hayapingani.

Kwa anayepokea picha kabla hundi haijafika benki, la kufanya ni kusimamisha. Asiandike kiasi chochote vitabuni kama kilichopokelewa. Aandike usomaji wa pande zote mbili kama ulivyo, ahifadhi picha, na amtafute mwandikaji atoe hundi nyingine. Kusahihisha ileile na kutia saini pembeni ya sahihisho hukubaliwa mahali pengine na hukataliwa kwingine, hasa pale hundi zinapolipwa kwa picha, kwa hiyo hundi mpya ndiyo njia isiyo na mashaka. Asimuulize mwandikaji “ni 56,000, sivyo?” Amuulize kiasi ni kipi, kisha anyamaze asikie. Swali lenye jibu ndani yake linarudisha mwangwi uleule tuliokuwa tukiukwepa tulipofunika kisanduku kwa kidole.

Zikipatana, je?

Kulinganisha maneno na tarakimu kunagundua makosa. Hakugundui udanganyifu uliofanywa pande zote mbili. Katika kesi ya London Joint Stock Bank dhidi ya Macmillan na Arthur, iliyoamuliwa mwaka 1918 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, karani alimpelekea mwajiri wake hundi ya pauni 2 aitie saini. Tarakimu 2 ilikuwa na nafasi tupu kushoto na kulia, na mstari wa maneno haukuwa na kitu. Mwajiri alitia saini. Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma, akapata 120, kisha akajaza mstari wa maneno kwa “pauni mia moja na ishirini”. Benki ililipa. Mahakama iliamua hasara iwe ya mwenye akaunti, kwa kuwa aliandika hundi kwa namna iliyofungua mlango.

Programu yoyote ya kulinganisha ingeipitisha hundi ile kwa alama za juu kabisa. Kinachoweza kuonekana pichani ni mambo mengine: tarakimu ya kwanza iliyobanwa kwenye ukingo wa kisanduku wakati zilizofuata zimepumua, neno la kwanza la mstari lililoandikwa kwa herufi ndogo zilizosongamana, wino uliotofautiana kidogo rangi kati ya tarakimu moja na ya jirani yake. Rangi ya wino ndiyo inayopotea kabisa picha inapogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo nakala ya rangi, ile ya awali kabla ya programu kuigusa, ihifadhiwe mpaka malipo yatakapokamilika, na msomaji anayeona tarakimu ya mwanzo imesongwa ukingoni aiweke hundi hiyo upande wa zile za kuulizwa, hata kama maneno na tarakimu zake zinapatana.